Tripu Kumi na Tano za Salimu

Bibi Subira hakuwa amemaliza swali lake, na tayari Salimu alikwisha kulijibu. Kumi na tano, alisema. Wazee watatu wa kijiji cha Munje waliokaa barazani kwake waliisikia nambari hiyo, na mmoja wao, Mzee Abdulaziz, akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa saa ya dhahabu.

Salimu alikuwa fundi wa ujenzi, tena fundi mwenye cheti, na cheti chenyewe alikuwa amekitia fremu. Miezi miwili iliyopita mama mkwe wake, Bi Chiku, alimpa kazi ya kuchimba tangi la maji ya mvua chini ya ardhi, uani kwake. Kazi hiyo Bi Chiku angeweza kumpa mpwa wake Sharif, ambaye pia ni fundi na ambaye hachoki kulitaja hilo. Akampa mkwewe. Salimu akachimba, akajenga kuta za mawe zikagusana na udongo pande zote, akafunika kwa zege, na tangi likatoka zuri hata Sharif akakosa la kusema. Kilichobaki ni udongo uliotoka shimoni. Ulilala katikati ya ua kama ngamia aliyegoma, mahali hasa palipotakiwa kuwekwa turubai la harusi ya Twaiba, shemeji yake Salimu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Jumanne.

Njia ya mbele ya ua ilikuwa imebanwa na ukuta wa nyumba mpya za kupangisha, ikabaki ya kupita bodaboda na watu wembamba. Lori lingeweza kutoka kwa nyuma tu, kupitia shamba la Bibi Subira. Na Bibi Subira na Bi Chiku, ingawa wamecheza pamoja utotoni, walikuwa hawaombani hata chumvi tangu kuku wa mmoja alipopatikana katika chungu cha mwenzake. Ni miaka sita sasa. Kuku alishasahaulika, rangi yake yenyewe hakuna aikumbukaye, lakini kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe aanze.

"Njia nitakupa wewe, mwanangu, si mtu mwingine," Bibi Subira alimwambia Salimu, akisema kwa sauti ya kutosha kuvuka ua. "Ila nina miche ya minazi pale, na lori si mbuzi. Nataka idadi. Litapita mara ngapi likiwa limebeba?"

"Kumi na tano, Bibi."

"Umehesabu?"

Salimu akatoa daftari. Hakulihitaji, lakini alipenda kulitoa. "Shimo lilikuwa mita nane kwa tano, kina mita tatu. Hizo ni mita za ujazo mia na ishirini. Bodi la lori la Karisa nimelipima mwenyewe: urefu mita nne, upana mbili, kimo moja. Hizo ni nane. Mia na ishirini gawanya kwa nane ni kumi na tano. Haibaki hata konzi."

Bibi Subira alikuwa ameketi juu ya mbuzi yake akikuna nazi. Akainua kifuu kitupu, akakitazama ndani kama anayetafuta kitu.

"Nikuongezee mbili tatu? Sema ishirini, nitakupa."

"Bibi, hesabu ni hesabu."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

"Haya," akasema Bibi Subira, na kama Salimu angekuwa na macho ya kutazama kitu kingine zaidi ya daftari lake, angeona jinsi bibi huyo alivyouma mdomo wake wa chini. Mzee Abdulaziz akasoma fatiha, wote wakapangusa nyuso zao, na neno likawa limefungwa. Tripu kumi na tano, na fatiha juu yake. Neno la namna hiyo huko Munje halifunguliwi na mtu mmoja mwenye shida.

Sasa kuna jambo moja la kueleza kuhusu nyumba ya Bi Chiku. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawakusemezana moja kwa moja. Ndiyo desturi aliyolelewa nayo Bi Chiku, na aliishika kwa mikono miwili. Akitaka kumwambia Salimu jambo, alimwambia Rai, binti yake na mke wa Salimu, hata kama Salimu amesimama hatua tatu kutoka pale akiwa na masikio yote mawili. Rai aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Maneno yakiingia kwake hayakutoka vilevile.

"Mwambie mumeo," alisema Bi Chiku jioni hiyo, "ukoo wa bwana harusi unatoka Lunga Lunga, na wengine wanavuka mpaka. Watu hao wakifika hapa wakakuta kichuguu katikati ya ua, watakwenda kusimulia mpaka Tanga kwamba Chiku aliwapokea jalalani. Mwambie nilimnyima Sharif kazi hii nikampa yeye."

"Mama anakusalimu," Rai alimwambia mumewe.

Salimu alicheka, lakini usiku hakulala vizuri. Alimpenda yule mama, hilo ndilo lililokuwa likimsumbua. Kwa miaka minne alitaka amwone kama mwana wa nyumba, na tangi hili lilikuwa mara ya kwanza ya kukaribia.

Jumatano asubuhi lori likaja. Dereva wake, Karisa, alikuwa mtu wa Kinango, mrefu, mwenye maneno machache, na lori lake alilijua kuliko alivyojua baadhi ya ndugu zake. Wapakiaji wanane wakashika mabeleshi. Udongo ulipokaribia usawa wa mbao za bodi, Karisa alikohoa.

"Fundi, gari hili ni la tani kumi. Limeandikwa pale mlangoni."

"Nimelipima bodi, Karisa. Linachukua mita nane."

"Kuchukua linachukua. Mimi nasema kubeba."

"Jazeni," Salimu aliwaambia wapakiaji, kisha akapanda mbele akaketi kando ya dereva, ili awe shahidi wa tripu ya kwanza.

Wakapita shambani. Bibi Subira hakuinua macho. Akachukua kifuu kimoja, akakitia katika kikapu kilichokuwa kando yake, akaendelea kukuna. Lori likakata kona, likalia njia nzima hadi kwenye lami, likaelekea kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa ambako Salimu aliruhusiwa kumwaga. Hawakufika. Kabla ya njia ya machimbo walikuwepo askari wa barabarani na mizani ya kubebeka, wamezitandika sahani zake juu ya lami, wametulia kivulini.

Askari alisoma nambari, akatoa uzito wa lori lenyewe, akamgeukia Karisa. "Mzigo wako ni tani kumi na moja na nusu. Umeruhusiwa kumi. Rudi ukapunguze ulikopakia. Hapa barabarani sitaki kuona beleshi."

Karisa aligeuza lori.

Waliporudi shambani, Bibi Subira alilitazama lori lililorudi na udongo wake, akawatazama waliomo, akasema, "Mmesahau kitu?"

"Tunapunguza kidogo, Bibi," alisema Salimu.

"Punguzeni, baba."

Wakapunguza tani moja na nusu, wakatoka tena, na kifuu cha pili kikaingia kikapuni.

"Bibi," Salimu aliita kutoka dirishani, "hii bado ni ile ya kwanza."

"Lori limepita shambani kwangu limebeba mara mbili," akajibu Bibi Subira, sauti yake laini kama tui. "Au mimi ndiye nisiyejua hesabu?"

Salimu akafunga dirisha.

Lakini tumtendee haki. Mpumbavu hakuwa. Njiani alitoa daftari, na safari hii alilihitaji. Bodi lililojaa, mita nane za udongo uliopakiwa, lilikuwa na tani kumi na moja na nusu. Kwa hiyo kila mita moja ya udongo ule ilikuwa na uzito wa karibu tani moja na nusu, kasoro kidogo. Ili mzigo usizidi tani kumi, lori lisipakiwe mita nane bali saba, hata chini ya saba kidogo. Waliporudi kwa tripu iliyofuata alichora mstari wa mkaa ndani ya bodi, sentimita kumi na tatu chini ya ukingo, akawaambia wapakiaji udongo usipande juu ya hapo.

"Mstari mzuri," alisema Karisa. Ndilo neno la kwanza alilosema tangu kwenye mizani.

Tangu hapo mizani haikuwasumbua. Kilichoanza kumsumbua Salimu kilikuwa uani. Kufikia jioni lori lilikuwa limepita mara nane, vifuu vinane vilikuwa kikapuni, yaani nusu ya ruhusa na zaidi ilikuwa imekwenda. Na lile rundo lilikuwa bado liko pale. Lilikuwa limepungua, ndiyo, lakini kwa adabu tu, kama mtu anayesogea kidogo kwenye benchi bila nia ya kuondoka.

Bi Chiku alitoka jikoni akasimama mlangoni. "Muulize mumeo," alimwambia Rai, "kama udongo huu unazaa."

"Mama anauliza kama umechoka," alisema Rai.

Wapakiaji walipokwenda zao, Salimu aliusawazisha mgongo wa rundo kwa beleshi, akavuta kamba, akapima. Mita kumi kwa saba, na kimo, alipokikadiria sehemu mbalimbali, kilikuwa mita moja na nusu kasoro kidogo. Akazidisha. Mia na moja. Akapima tena, maana daftari linaweza kukosea. Mia na moja. Mizigo saba iliyokwisha kumwagwa ilikuwa karibu mita arubaini na tisa. Mia na moja na arubaini na tisa ni mia na hamsini.

Shimo lilikuwa mia na ishirini.

Aliketi juu ya rundo. Mwalimu wa chuo alimjia akilini, mtu mfupi mwenye chaki sikioni, akisema siku ile ya joto ambapo nusu ya darasa walikuwa wamelala: udongo ukiwa ardhini umebanana, ukiuchimba unalegea, hewa inaingia kati ya mabonge, unavimba. Uzito haubadiliki, nafasi ndiyo inayoongezeka. Udongo wa aina hii huongezeka kama robo. Robo ya mia na ishirini ni thelathini. Hata kwenye mtihani swali hilo lilikuja, na Salimu alilipata. Tena kwa alama zote.

Akaandika upya, pole pole, kama mtu anayeandika wasia. Mita mia na hamsini za udongo uliolegea, kila tripu isizidi saba kasoro. Tripu ishirini na mbili. Kama angetazama uvimbe tu akasahau uzito angesema kumi na tisa, na bado angekosea. Yeye alisahau vyote viwili. Ongeza na ile iliyorudi na udongo wake, ishirini na tatu. Aliruhusiwa kumi na tano, mbele ya wazee, kwa fatiha, na aliyepewa nafasi ya kusema ishirini akakataa alikuwa ni yeye.

Alhamisi alijaribu ujanja, na ujanja wake haukuwa na umri mrefu. Alimtuma Rai kwa Bibi Subira na tambuu nzuri ya kutafuna na habari za mji, amshughulishe wakati lori linapita. Rai aliketi, akasimulia mambo ya bi harusi, ya mapazia, ya shangazi mmoja aliyetaka kuja na watoto kumi na moja. Bibi Subira alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lori likapita nyuma yake. Bila kugeuka, bila kuacha kucheka, mkono wake ulikwenda, ukachukua kifuu, ukakitia kikapuni.

"Nilipatwa na raha mno," Rai alimwambia mumewe baadaye. "Nikasahau hata nilichotumwa."

Saa tisa alasiri kifuu cha kumi na tano kikaingia. Lori liliporudi tupu, Bibi Subira aliinuka, akachukua mbuzi yake ya kukunia, akaiweka katikati ya njia na kuikalia.

"Nimemaliza ruhusa yenu," alisema kwa upole. "Mungu awabariki kwa kutimiza ahadi."

Uani lilibaki rundo la kimo cha mtu, refu kama nyumba. Watu wa turubai walikuwa wamefika na milingoti yao, wamesimama wakiitazama ile milingoti, kisha rundo, kisha Salimu. Sharif alikuwa amekuja pia, kwa bahati tu, kama alivyosema, na alikuwa amesimama mikono nyuma akijizuia kutabasamu na kushindwa. Twaiba alichungulia dirishani, hina ikiwa bado mbichi mikononi, akarudi ndani, na kutoka ndani kikasikika kilio chembamba kilichomchoma Salimu kuliko macho yote ya nje.

Bi Chiku alikuja mpaka ukingoni mwa udongo. "Muulize mumeo imekuwaje."

Rai alimtazama mumewe. Kwa mara ya kwanza hakubadilisha neno. "Mama anauliza imekuwaje."

"Lori halijazwi," akasema Sharif haraka, kama mtu aliyeokota kitu. "Nimeliona kwa macho yangu. Linatoka limepungukiwa, udongo uko chini ya mbao. Huyo dereva wenu amewachezea. Atakuwa na kazi nyingine pembeni, anabana mafuta."

Wote wakamgeukia Karisa. Karisa alikuwa mgeni hapo, mtu wa bara ya Kinango, hana shangazi mtaani wala kaka msikitini. Alisimama kando ya gurudumu akafuta mikono yake kwa kitambaa, akamtazama Salimu tu.

Tuseme kweli, njia ilikuwa wazi. Salimu angenyamaza tu, basi. Asingehitaji hata kudanganya. Sharif alikwisha kumfanyia kazi hiyo bure. Karisa angeondoka na aibu, yeye angebaki na cheti chake ndani ya fremu, na Bi Chiku angemhurumia mkwe aliyetapeliwa. Neno la kukubali lilimfika Salimu mpaka kwenye meno.

"Rai," alisema, "mwambie mama kwamba mstari ule nimeuchora mimi. Karisa alinionya juu ya uzito kabla ya tripu ya kwanza, nikamnyamazisha. Mwambie nilipima shimo nikasahau kwamba udongo ukitoka shimoni huvimba. Nikapima bodi nikasahau kwamba lori hushiba kwa uzito kabla ya kujaa. Zilitakiwa tripu ishirini na mbili. Nilisema kumi na tano kwa sababu nilitaka kuonekana najua. Kosa ni langu."

Rai akageuka kwa mama yake. "Anasema kosa ni lake," akasema, na sauti ikamkatika.

"Nimesikia," alisema Bi Chiku.

Salimu alivuka mpaka shambani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuomba tripu?"

"Neno la fatiha siombi livunjwe. Nimekuja kukwambia nilikosea, na kukuuliza kama unaniona mlango wowote wa kutokea. Mimi siuoni."

Bibi Subira akainuka kutoka kwenye mbuzi yake, akamshika mkono kama anayemshika mtoto kwenda naye sokoni, akampeleka nyuma ya jiko lake.

Huko kulikuwa na bonde. Kila masika, Salimu alilijua, maji yalisimama pale wiki nzima na vyura wakafanya kelele mpaka alfajiri. Lakini leo bonde lilikuwa limesafishwa majani. Kwenye pembe zake nne zilikuwa zimepigwa vijiti, na kamba ya makumbi ya nazi imevutwa kutoka kimoja hadi kingine. Salimu alikwenda ukingoni, akapima kwa hatua, mazoea hayaachi. Kumi na nne kwa sita. Kina kama nusu mita.

Vijiti vilikuwa vimenyauka kidogo. Havikukatwa leo. Wala jana.

"Bibi," alisema. "Hivi ulivipiga lini?"

"Jumanne. Ulipokwenda nyumbani na daftari lako."

"Ulijua?"

"Marehemu mume wangu alipakia lori la mchanga miaka ishirini, na mimi nilikuwa nikimpelekea chakula. Nimeona malori mengi yakitoka na nafasi juu, na wapita njia wakidhani dereva ni mvivu. Rundo lenu nilitembea nikalizunguka siku mlipokuwa mkila. Nikajua zitabaki tripu saba." Akajifuta jicho kwa pembe ya leso. "Ya nane mliniongezea wenyewe, siku ya mizani. Hiyo nilishukuru sana."

"Lakini uliniuliza niongeze. Ungenipa ishirini, ungebaki na nini?"

"Ningebaki na vyura. Lakini mtu mzima hawezi kumwacha mtoto bila kumwonya. Nilikuonya mara mbili. Mara ya tatu ningekuwa nakutukana."

Salimu alianza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Akaketi ukingoni mwa bonde akacheka mpaka akashika mbavu, na Bibi Subira akaketi kando yake.

"Na kwa nini hukuuomba tu udongo?" aliuliza alipopata pumzi. "Tungekumwagia siku ya kwanza."

Bibi Subira akanyoosha kidevu kuelekea upande wa pili wa ua. "Nimwombe nani? Yule?"

Kuvuka ua kwa udongo hakukuhitaji lori wala barabara, wala hakukugusa fatiha ya mtu. Kulihitaji kubomoa mita tatu za uzio wa makuti uliotenganisha nyumba hizo mbili. Habari ilipelekwa kwa Bi Chiku kupitia Rai, na Rai aliipeleka kwa ustadi wake wote: Bibi Subira, kwa huruma tu, na kwa ajili ya Twaiba, yuko tayari kuwasaidia kuubeba mzigo wao. Bi Chiku alifikiri. "Mwambie," alisema, "kwamba kwa huruma tu, niko tayari kumwondolea vyura." Wanawake wawili waliosikia wakaziba midomo kwa kanga.

Ijumaa asubuhi yalikuja matoroli kumi na mawili kutoka kila ujenzi wa jirani, na watu ishirini wa kujitolea, na Karisa akiwa wa kwanza, amevua shati. Salimu alimwendea kabla kazi haijaanza. "Nisamehe kwa asubuhi ile," alisema.

"Ulisema jana mbele ya watu," Karisa akajibu. "Imetosha." Akamsogezea toroli. "Usijaze hilo mpaka juu, fundi. Gurudumu ni moja."

Wakamwaga, wakatandaza tabaka kwa tabaka, wakanyunyiza maji, wakashindilia kwa magogo. Na udongo, uliovimba ulipotoka ardhini, ukaanza kurudi katika ukubwa wake. Rundo la mita hamsini na kitu lililowatisha wenye turubai likashuka mpaka likawa kama arubaini na mbili, likalingana na kingo za bonde. Palipobaki kulegea, Bibi Subira alisema pasiguswe. Kina mama wa ngoma ya chakacha watapata pa kuchezea kesho, alieleza, na kwa wanawake wa Munje na mchango wa Lunga Lunga hakuna haja ya magogo.

Sharif naye alisukuma toroli. Hakuna aliyemwomba. Alisukuma kimya, na ilipofika saa ya swala walikwenda msikitini pamoja.

Alasiri ua ulikuwa mweupe, umefagiwa, milingoti ya turubai imesimama. Salimu alikuwa akinawa mikono bombani kwa maji ya tangi lake mwenyewe Bi Chiku alipotoka jikoni. Rai alikuwa mkekani akichambua viungo, akainua kichwa kupokea ujumbe. Bi Chiku akampita.

"Salimu," alisema.

Salimu aligeuka, maji yakimtiririka viganjani. Miaka minne hakuwahi kusikia jina lake kutoka mdomo ule likimjia moja kwa moja.

"Nina mchele wa kilo themanini. Ukipimwa ni kama lita mia moja. Sufuria la kukodi linaingia lita sitini. Yule wa masufuria yuko mlangoni, anataka idadi sasa hivi. Nichukue mangapi?"

Salimu alifungua mdomo. Nambari ilikuwa tayari pale juu ya ulimi, nadhifu, mbili kamili na nafasi inabaki. Rai alimtazama, punje ya iliki vidoleni.

Salimu akafunga mdomo. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Mama," alisema, "hizo lita ni za mchele mbichi au za wali ulioiva? Na sufuria likijaa, ni kina nani watakaoliepua?"

Bi Chiku alimtazama vizuri, usoni, kwa muda mrefu kuliko desturi ilivyoruhusu. Kisha akasogeza sinia la viungo, akapisha nafasi kwenye mkeka.

"Kaa hapa," alisema. "Tuhesabu."